Mimba ya tatu imetoka: wanapima nini, na baada ya hapo

"Mama, hii ni ya tatu sasa. Daktari anataka tuanze vipimo, mimi na mume wangu. Wanatafuta nini hasa? Na wasipoona kitu, ndiyo basi tena?"

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma usiku. Sikujibu papo hapo kwa sababu sikutaka kukuandikia maneno mawili ya simu halafu nikuache na maswali zaidi. Pole sana, mama. Mfikishie pole na mkwe wangu; naye amepoteza, ingawa watu wakija kutoa pole humpita wakaja moja kwa moja kwako. Katika miaka yangu ya ukunga nimekaa na wanawake wengi kwenye siku kama hizi zako, na kabla sijakuzaa wewe nilipoteza mimba mbili mimi mwenyewe. Kwa hiyo nakuandikia kama mkunga na kama mama yako, kwa kalamu moja.

Si basi tena. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi. Kati ya wanandoa wanaopimwa baada ya mimba kuharibika mara kwa mara, nusu hivi, pengine zaidi, huambiwa kwamba hakuna sababu iliyoonekana. Mtu akiwa na maumivu, jibu hilo analisikia kama hukumu. Lakini mwaka 2015 yalitoka majibu ya utafiti uliofanywa Uingereza na Uholanzi kwa wanawake zaidi ya 800, wote wakiwa wamepoteza mimba tatu au zaidi bila sababu kujulikana. Waliposhika mimba tena, nusu yao walipewa homoni ya projesteroni ya kuweka ukeni, na nusu wakapewa vidonge vya kufanana nayo ambavyo havikuwa na dawa yoyote. Waliopata dawa, karibu 66 katika kila 100 walijifungua mtoto hai. Waliopata vidonge vitupu, 63. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitegemea, na watafiti wenyewe walisema hivyo. Mimi lakini nataka uitazame ile 63. Hao ni wanawake waliopita ulikopita wewe, hawakupewa kitu, na bado karibu wawili katika kila watatu walijifungua kwa mimba iliyofuata.

Upande wa pili sikufichi. Mmoja katika kila watatu hakufika. Na umri una sauti kubwa katika hesabu hii kuliko karibu kila kitu kingine. Mwanamke wa miaka ishirini na kidogo, mimba yake moja katika kumi hivi hutoka. Akifika kati ya 35 na 39 ni kama moja katika nne. Akivuka 40 inakaribia nusu. Wewe una 33. Muda unao, ila usiache mwaka mzima upite mkingoja miadi.

Sababu ya umri kuwa na nguvu hivyo ndiyo inayoeleza pia kipimo cha kwanza. Yai linatakiwa kubeba kromosomu 23, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, na mbegu ya baba 23. Mara nyingine mgawanyo unakosea, yai linabeba moja ya ziada au linapungukiwa moja, na kadiri yai linavyokaa miaka mingi ndivyo makosa hayo yanavyoongezeka. Mimba ya namna hiyo inaanza vizuri, kipimo cha mkojo kinasoma, kichefuchefu kinakuja, halafu inasimama. Mimba zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo, nusu hivi au zaidi zina kosa la aina hiyo. Hakuna ulichobeba, ulichokula wala ulichowaza kinacholeta kosa hilo. Lilikuwepo siku yai na mbegu vilipokutana.

Ndiyo maana baada ya mimba ya pili au ya tatu kutoka, daktari mzuri hutaka kupima kile kilichotoka chenyewe. Umeniambia safari hii walikusafisha hospitali. Uliza kama walihifadhi nyama ya mimba na kama ilipelekwa kupimwa kromosomu. Wakisema ilikutwa na kromosomu ya ziada, basi mimba hiyo imejieleza: ilitoka kwa bahati mbaya ya mgawanyo, na matarajio yako ya mbele ni bora kuliko ya mwanamke ambaye mimba zake zilizotoka zote zilikuwa na kromosomu kamili.

Kipimo hiki kina mitego miwili ambayo nimeiona kwa macho yangu. Wa kwanza, mtu anaitumbukiza nyama kwenye fomalini kwa mazoea, kama zinavyofanyiwa nyama nyingine za maabara. Fomalini inaua seli, na maabara inayotaka kuziotesha ili isome kromosomu haiwezi tena. Kwa hiyo kabla ya kusafishwa, mtu anatakiwa kuiuliza maabara inataka nyama ije kwenye chombo gani. Mtego wa pili ni jibu linalosema "kromosomu kamili, jinsia ya kike". Huenda ni kweli. Huenda pia aliyesomwa si mtoto bali wewe, kwa sababu kipande kilichochukuliwa kilikuwa cha ukuta wa mfuko wako wa uzazi. Maabara makini hulinganisha na damu ya mama ili kuondoa shaka hiyo. Ukipata jibu la namna hiyo, uliza kama ulinganisho ulifanyika. Na kama nyama haikuhifadhiwa kabisa, limepita. Liandike tu kwenye faili lako ili likitokea tena, Mungu aepushe, wajue mapema.

Kromosomu zenu ninyi wawili nazo zinaweza kupimwa, kwa damu tu. Wanachotafuta ni kipande cha kromosomu moja kilichohamia kwenye nyingine. Mwenyewe anakuwa mzima kabisa, kwa sababu hakuna kilichopungua, vimehama tu mahali. Taabu inakuja wakati wa kutengeneza yai au mbegu: mara nyingine kipande kinakwenda bila mwenzake. Hali hii hukutwa kwa wanandoa wachache, kama wawili hadi watano katika 100 wanaopoteza mimba mara kwa mara. Hata wakikutwa nayo, wengi wao hatimaye hupata mtoto mzima kwa kushika mimba kwa kawaida, baada ya kujaribu kwa miaka kadhaa na pengine kupoteza nyingine njiani. Daktari akiwaandikia kipimo hiki, mkwe wangu asione anashukiwa. Damu inatoka kwenu wote wawili kwa sababu kromosomu zinatoka kwenu wote wawili.

Mfuko wa uzazi watauangalia kwa ultrasaundi, ikiwezekana ile inayoonyesha umbo zima. Wanaangalia kama kuna ukuta unaougawa katikati, uvimbe unaochomoza kwa ndani, au makovu. Ukuta wa katikati zamani ulikatwa bila maswali mengi, lakini jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2021 halikuonyesha kwamba waliokatwa walizaa zaidi ya walioachwa. Ukiambiwa unao, usikubali kupasuliwa siku hiyo hiyo. Kaa na daktari mlizungumze. Tezi ya shingo nayo itapimwa kwa damu, na sukari pia ikionekana inafaa. Hayo ni mepesi: tezi ikiwa imelegea unapewa vidonge, sukari ikiwa juu inashushwa kabla ya kushika mimba. Sina mengi ya kusema hapo.

Kipimo ninachotaka ukisimamie kwa macho mawili ni kile cha kingamwili za antifosfolipidi. Nakusisitizia hiki kwa sababu mbili. Ni hali ambayo tiba yake inabadilisha matokeo kweli, na ni kipimo kinachokosewa ovyo.

Hizi ni kingamwili ambazo mwili wa mama umezitengeneza dhidi ya protini zinazokaa kwenye ngozi ya seli zake mwenyewe. Zinaifanya damu iwe rahisi kuganda, na zinalizuia kondo la nyuma lisishike mizizi vizuri mwanzoni mwa mimba. Mwanamke mwenye nazo anaweza asijue lolote mpaka aanze kuzaa. Kati ya wanaopoteza mimba mara kwa mara, 15 hivi katika 100 hukutwa nazo, wakati kwa wanawake wasio na historia hiyo ni wawili hivi tu. Historia yako ndiyo inanifanya niwe makini. Ile ya kwanza ilitoka wiki ya 6, ya pili wiki ya 8 na kifuko kilikuwa kitupu; hizo mbili zinaweza kabisa kuwa makosa ya kromosomu. Ila hii ya tatu mlikwisha kuuona moyo ukidunda, ikasimama wiki ya 11. Mtoto aliyevuka wiki ya 10 akiwa na moyo halafu akasimama ni jambo ambalo kwa madaktari peke yake linatosha kuagiza kipimo hiki, hata kama lingetokea mara moja.

Vipimo viko vitatu, na vyote vinatoka kwenye damu ya mkononi. Kimoja kinaitwa lupasi antikoagulanti. Jina lake limewatisha wengi bure: halimaanishi una ugonjwa wa lupasi, na ingawa linasema "kinachozuia kuganda", ndani ya mwili linafanya kinyume chake. Lilipewa jina hilo kwa sababu ndani ya kichupa cha maabara damu inachelewa kuganda. Viwili vingine ni antikadiolipini na anti-beta-2 glaikoprotini, na hivi vinatoa namba. Wakikupima kimoja tu, hujapimwa.

Sasa muda. Damu hii haichukuliwi siku chache baada ya mimba kutoka. Subiri wiki 6 hivi, mwili utulie. Usiwe umeanzishiwa sindano za kuzuia damu kuganda, kwa sababu zinaharibu usomaji wa kile cha lupasi. Na ikisoma, bado hujapata jibu. Inabidi irudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, kwa sababu mafua makali, homa au maambukizi yoyote yanaweza kuziinua kingamwili hizi kwa muda, kisha zikashuka zenyewe. Ni ile tu inayobaki juu mara mbili ndiyo ugonjwa.

Niliwahi kumpokea dada mmoja aliyekuja na mfuko wa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Alipimwa sehemu nyingine siku ya kumi baada ya mimba kutoka, antikadiolipini ikasoma juu kidogo, akaambiwa damu yake inaganda na kwamba bila sindano hatazaa kamwe. Alikuwa ameuza vitu vyake kuzinunua. Daktari wetu aliomba zisimamishwe, akasubiri, akarudia vipimo vyote vitatu, mara mbili kwa nafasi. Vyote vikatoka safi. Dada yule alishika mimba bila dawa yoyote zaidi ya asidi ya foliki, akajifungua. Mpaka leo nikimkumbuka naumia kwa ile miezi aliyoishi akiamini mwili wake unaua.

Mwingine nakueleza kwa urefu, kwa sababu ndiye atakayekuonyesha njia ilivyo pale kipimo kinaposoma kweli. Alikuwa na miaka 31. Mimba zake zilitoka wiki ya 9, ya 10 na ya 12, na mbili kati ya hizo moyo ulikuwa umeonekana. Damu ya kwanza ilichukuliwa wiki ya 7 baada ya mimba ya mwisho: lupasi ikasoma, na antikadiolipini ikawa 62, wakati mpaka unaotiliwa maanani ni 40. Tulimweleza kwamba hilo ni nusu ya jibu, akatumia uzazi wa mpango wa kondomu akasubiri. Baada ya wiki 13 tukarudia: lupasi bado inasoma, antikadiolipini 58. Hapo jina la ugonjwa likaandikwa.

Tiba yake ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Alianza aspirini ya miligramu 75 kwa siku alipoacha kondomu. Siku kipimo cha mkojo kiliposoma alianza sindano ya heparini, moja kila siku chini ya ngozi ya tumbo, akajifunza kujichoma mwenyewe. Alipata michubuko ya buluu, hilo ni la kawaida. Tulimpima chembe sahani za damu mapema kwa sababu kwa wachache heparini huzishusha. Heparini haivuki kondo kwenda kwa mtoto. Dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda iitwayo wafarini inavuka na inaweza kumlemaza, kwa hiyo mwenye kuitumia lazima abadilishiwe mapema sana.

Wiki ya 7 moyo ulionekana. Alivuka wiki ya 12 akilia. Lakini hapo ndipo watu wengi wanapodhani safari imekwisha, kumbe kingamwili hizi zinaendelea kulisumbua kondo hata baadaye: mtoto anaweza kukua polepole, na presha ya mimba inakuja mara nyingi zaidi. Kwa hiyo alipimwa presha kila hudhurio, na tangu wiki ya 28 ukuaji wa mtoto ukaangaliwa kila baada ya wiki nne. Wiki ya 35 presha ilianza kupanda. Wiki ya 37 wakamwanzishia uchungu, sindano ikiwa imesimamishwa kabla, akajifungua mtoto wa kilo 2.4 aliyelia vizuri. Sindano ziliendelea wiki 6 baada ya kujifungua, kwa sababu kipindi hicho ndicho damu ya mzazi huganda kwa urahisi zaidi.

Tiba hii haitokani na uzoefu wetu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwafuatilia wanawake 90 wenye hali hii: waliopewa aspirini peke yake, 42 katika kila 100 walizaa mtoto hai, waliopewa aspirini na heparini, 71. Ni pengo kubwa. Sasa uone jinsi dawa hiyo hiyo inavyokuwa bure mahali pasipo pake. Kuna watu waliorithi kwenye ukoo damu yenye mwelekeo wa kuganda, jambo tofauti na kingamwili hizi. Wanawake wa namna hiyo waliopoteza mimba mara mbili au zaidi walijaribiwa heparini katika utafiti uliotoka mwaka 2023. Waliochomwa sindano walizaa 72 katika 100, wasiochomwa 71. Miezi ya sindano kwa ajili ya kitu kisichokuwepo. Kwa hiyo ukikuta mtu anataka kukuandikia heparini "kwa usalama tu", muulize ni kipimo kipi kilichosoma, lini, na kama kilirudiwa.

Hapo nifungue mabano kidogo, kwa sababu najua utakutana nayo. Utaletewa orodha ya vipimo vya maambukizi kama toksoplazma, rubela na saitomegalo, na majibu yatarudi "chanya". Karibu kila mtu mzima atakuwa chanya kwa angalau kimoja, kwa sababu kipimo kinaonyesha kwamba uliwahi kukutana na kijidudu hicho zamani. Hayo hayaelezi mimba tatu kutoka, na dawa za miezi utakazopewa kwa ajili yake hazitaizuia ya nne isitoke. Vivyo hivyo kupima seli za kinga za damu ziitwazo seli uaji, kuchomwa chembe nyeupe za damu ya mumeo, au kuwekewa dripu za mafuta. Wanawake walio katika huzuni hununua chochote, na mimi siwalaumu hata kidogo, nawalaumu wanaowauzia.

Mkwe wangu kuna jambo moja linalomhusu zaidi ya damu ya kromosomu. Akiwa anavuta sigara aache, na uzito ukiwa umezidi sana aupunguze, kwa sababu vinasaba vilivyo ndani ya mbegu huchakaa kwa hayo. Mbegu mpya huchukua miezi mitatu hivi kutengenezwa, kwa hiyo akiacha leo, faida yake ni ya baadaye kidogo.

Tuseme sasa vipimo vimerudi na vyote ni safi, jambo ambalo kwa kweli ndilo natarajia zaidi. Hakuna dawa ya kunywa kabla. Asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, basi. Siku kipimo cha mkojo kikisoma, piga simu kliniki, usingoje hudhurio la kawaida. Omba ultrasaundi wiki ya 7, siyo ya 5. Wiki ya 5 mara nyingi hakuna cha kuona zaidi ya kifuko, na utarudi nyumbani na hofu isiyo na maana. Halafu nyingine baada ya wiki mbili kama itakutuliza. Kulala kitandani hakujawahi kuonyeshwa kuzuia mimba isitoke, kwa hiyo fanya kazi zako.

Ukiona damu kwenye mimba hiyo, hata doa, nenda siku hiyo hiyo. Hapo projesteroni inarudi kwenye mazungumzo, na hapa ndipo watu wanachanganya. Ule utafiti wa 2015 uliwapa dawa tangu mwanzo wa mimba, wawe wanatokwa damu au la, na haikusaidia. Utafiti mwingine wa mwaka 2019 uliwapa waliokuwa wanatokwa damu mapema. Kwa jumla tofauti ilikuwa ndogo, lakini wale waliokwisha kupoteza mimba tatu au zaidi walizaa 72 katika 100 wakipewa dawa, na 57 wasipopewa. Kwa hiyo kwako wewe, damu pamoja na mimba inayoonekana ndani ya mfuko wa uzazi ni sababu ya kuiomba: miligramu 400 ukeni, asubuhi na jioni, na moyo ukionekana unaendelea mpaka wiki 16 zitimie. Maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni dharura, kwa sababu mimba inaweza kuwa imetunga nje.

Naijua pia ile hofu ambayo haina kipimo. Utashika mimba na hutafurahi. Utakuwa unakagua chupi kila uendapo chooni, kichefuchefu kikipungua siku moja utaona kimekwisha yote. Mimi nilipokuwa na mimba yako sikumwambia mtu mpaka ulipoanza kucheza. Sikujutia kunyamaza, ila ningepata mtu wa kumwambia kila siku "leo naogopa" ingenisaidia. Nipigie mimi, saa yoyote.

Kwa sasa fanya hivi. Mimba imetoka wiki mbili zilizopita, kwa hiyo damu ya kwanza ya zile kingamwili ni baada ya wiki nne kutoka leo, na ya pili, ikihitajika, ni wiki 12 baada ya hiyo. Ni miezi minne kasoro. Kama ya kwanza itatoka safi kwa vyote vitatu, hamna haja ya kungoja zaidi ya pale mtakapokuwa tayari. Kromosomu, tezi na ultrasaundi vifanyike humo katikati ili muda usipotee. Nitafutie karatasi zote za ultrasaundi za mimba tatu, hasa ile inayoonyesha moyo na tarehe yake, uzipige picha unitumie. Siku ya kutoa damu nitakuja, nikae nawe hapo benchi.

Mama yako